Wadogo zangu wa migahawa, bango lisomeke kwanza

Nimepita tena kwenye mgahawa mpya: kuta zimepakwa vizuri, pilau inanukia mpaka barabarani, lakini jina halisomeki. Inaniuma, maana chakula ni kizuri. Basi nayarudia maneno yangu kuhusu bango.

1. Pigeni hesabu ya bango kabla ya kusajili jina BRELA. Karatasi nzima ya alukobondi, ile ya kutengenezea bango, ina upana wa mita 2.44 na kimo cha mita 1.22. Kila sentimita 1 ya kimo cha herufi husomeka bila taabu kwa takriban mita 1. Bodaboda akiwa mita 25 anahitaji herufi za sentimita 25, na kila herufi ya namna hiyo hula kama sentimita 20 za upana. Kwa hiyo mstari mmoja unabeba herufi 12 hivi, nafasi zikiwemo.

Binti mmoja aliniletea jina hili: "Mgahawa wa Kisasa wa Zuwena na Huduma za Chakula cha Sherehe". Herufi 60, nafasi zikiwemo! Hata tukigawa mistari miwili, herufi zinabaki sentimita 10, na mtu wa ng'ambo ya barabara anaona michirizi tu. Alikuwa ameshachapisha menyu na fulana, akalia. Tukabaki na "Kwa Zuwena": herufi 10 pamoja na nafasi, mita 2 kamili, pembeni pakapumua. Chini yake tukaandika "Pilau na biriani" kwa herufi ndogo, za kusomwa na aliyekwisha kusogea. Huduma ya sherehe ikahamia kwenye menyu.

Na mjue, kusajili jina la biashara si kusajili alama ya biashara. Hayo ni maombi mawili tofauti.

2. Bango la bure la kampuni ya soda lipokeeni, lakini likae pembeni. Likikaa juu ya mlango, rangi zao ndizo zinazokuwa sura yenu, na watu wataelekezana "pale kwenye bango la soda".

3. Rangi mbili zinatosha, moja nzito na moja nyepesi. Maandishi ya njano kwenye ukuta mweupe, jamani, hapana! Kwenye fleksi ya bei rahisi wino wa waridi na wa njano huchoka mapema juani, na picha ya biriani inageuka samawati. Nani atakula biriani ya samawati? Jina lichapwe kwa rangi nzito, picha za chakula zibaki ndani. Mwambieni mbunifu awape nembo ya vekta, isiyoharibika ikikuzwa, kwenye PDF. Ile picha ya WhatsApp ikikuzwa hupasuka kingo. Namba ya rangi iliyochanganywa dukani iandikeni, mwakani mtapaka tena.

4. Jina la Lipa Namba lifanane na la bango. Mteja akiona jina la shemeji yako kwenye simu, anasita kubonyeza namba ya siri, na foleni nzima inamsubiri.