Kutunga maswali kutokana na maandishi ya mhadhara

Swali: "Nina maandishi ya mhadhara wa saa nzima kuhusu chimbuko la miji ya Waswahili. Nitatungaje maswali mchanganyiko yanayogusa hoja na istilahi? Mwenzangu amenishauri nianze na istilahi."

Ndugu yangu, aliyekushauri uanze na istilahi amepata nusu tu, kwani istilahi bila hoja hupima kumbukumbu. Kwanza tenganisha maoni ya mhadhiri na yale anayoyataja ili ayapinge. Wanafunzi wangu hapa Mombasa, walipotunga maswali ya mhadhara kama huo, waliandika kuwa jibu sahihi ni miji kuanzishwa na wageni kutoka Arabuni na Uajemi, ilhali mhadhiri alilieleza dai hilo kwa dakika kadhaa, kisha akasema "lakini" na kulikanusha. Dai hilo usilitupe: liweke miongoni mwa majibu yasiyo sahihi katika swali la kuchagua, maana litamnasa aliyesikiliza nusunusu.

Ushahidi utungie swali la maelezo mafupi. Kwa mfano, misikiti ya Shanga, kisiwani Pate, iliyojengwa mmoja juu ya mwingine tangu ule wa miti wa karne ya 8, inaunga mkono hoja ipi, na kwa vipi? Istilahi zifuate, kila moja katika mfano ambao mhadhiri hakuutoa. Penye majina, rudia kusikiliza sauti yenyewe. Kwetu "Shanga" iliandikwa kwa herufi ndogo, ikasomeka kama shanga za shingoni. Kuhusu maswali ya kweli au si kweli, mimi na wenzangu bado hatujaafikiana.