Rafu kwenye ukuta wa tofali jepesi: fisha gani inashika, na namna ya kuitia bila kuusaga ukuta

Tofali jepesi la zege lenye hewa ukilikata katikati utaona limejaa vitundu vidogo vidogo, kama mkate wa kumimina. Vitundu hivyo hutokana na unga wa alumini unaotiwa kwenye mchanganyiko wa mchanga, chokaa, saruji na maji. Alumini hutoa gesi, mchanganyiko unaumuka, kisha tofali hukatwa na kuivishwa kwa mvuke wenye shinikizo kubwa. Ndiyo maana fundi mmoja anabeba tofali kubwa bila kuomba msaada, na ndiyo maana pia fisha ya kawaida haifai humo.

Fisha ya kawaida, ile ya plastiki inayotiwa kwenye matofali ya mchanga na saruji, hushika kwa kutanuka. Skurubu ikiingia, ncha ya fisha inafunguka na kukandamiza kuta za tundu. Tofali gumu hujibu kwa kukandamiza nalo, na hapo ndipo mshiko unapopatikana. Tofali jepesi halijibu. Vijikuta vyembamba baina ya vitundu huvunjika na kuwa unga, fisha inabaki imezungukwa na unga huo, na skurubu inaanza kuzunguka bure. Linalowadanganya watu ni kwamba mwanzoni skurubu hukaza vizuri tu. Inakaza, inakaza, halafu ghafla inalegea. Ukishasikia mkono umelegea, tundu hilo limekwisha, usiendelee kuzungusha.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha ukuta wako ni wa aina gani. Rangi ya vumbi peke yake haitoshi, hasa kwetu Unguja na Pemba, kwa sababu ukuta wa zamani wa mawe na chokaa nao hutoa vumbi jeupe. Toboa tundu dogo mahali pasipoonekana. Ukuta wa mawe ya matumbawe biti huwa inapenya, inakwama kwenye jiwe, kisha inapenya tena, na kuta hizo ni nene, mara nyingi nusu mita. Tofali la mchanga na saruji hutoa vumbi la kijivu na linataka drili ipige nyundo. Tofali jepesi, ukishavuka plasta, biti inazama kwa ulaini uleule mpaka mwisho, na msumari unaweza kuukwaruza kwa mkono ukatoa chenga.

Kwa rafu ya kawaida kuna aina mbili za fisha zilizotengenezwa kwa tofali hili. Ya kwanza ni ya nailoni yenye mapezi yaliyojisokota ubavuni, nayo hupigwa kwa nyundo mpaka ndani. Ya pili, ya nailoni au ya chuma, ina uzi mpana kwa nje na huzungushwa kwa bisibisi au spana. Zote mbili zinashika kwa urefu wao wote badala ya kutegemea ncha iliyotanuka, na mzigo unagawanyika kwenye eneo kubwa. Kwenye pakiti tafuta mchoro wa tofali lenye vitundu. Fisha iliyoandikwa kuwa ya kila ukuta sishauri hapa, labda kwa picha au saa ya ukutani.

Tuchukue mfano wa rafu ya jikoni, nyumba iliyo karibu na bahari. Ubao una urefu wa sentimita 120, upana 25, na uzito wa kilo 5 hivi. Juu yake kutakaa makopo ya bizari na iliki, unga, mchele na sufuria mbili tatu, jumla kilo 40. Kwa hiyo ukuta unabeba kilo 45.

Mzigo huo hauvuti kwenda chini tu. Kwa kuwa vitu vimekaa mbele ya ukuta, breketi inataka kupinduka, na skurubu ya juu ndiyo inayovutwa itoke. Nguvu ya kuivuta hupatikana kwa kuzidisha uzito ulio juu ya breketi kwa umbali wa mzigo kutoka ukutani, kisha kugawa kwa urefu kutoka skurubu ya juu hadi ukingo wa chini wa breketi. Ukitumia breketi tatu zilizogawana sawa, kila moja ina kilo 15. Katikati ya ubao ni sentimita 12.5 kutoka ukutani. Breketi yenye mguu wa sentimita 20 ukutani inaipa skurubu ya juu mvuto wa kama kilo 9.4. Breketi fupi ya sentimita 10 inaupeleka mvuto huo karibu kilo 19, mara mbili, kwa mzigo uleule. Na mtu akipanga vitu vizito vyote ukingoni mbele, unaongezeka mara mbili tena. Kwa hiyo mguu mrefu wa breketi unakusaidia kuliko fisha ya bei kubwa. Linganisha hesabu yako na uzito unaoruhusiwa ulioandikwa na mtengenezaji kwa tofali jepesi, usisome ule wa zege gumu, ambao siku zote ni mkubwa zaidi.

Nimesema zikigawana sawa. Wengi huweka breketi mbili kwenye ncha kabisa za ubao na ya tatu katikati, wakidhani kila moja imechukua theluthi. Sivyo. Ubao ukipangwa vitu sawasawa, breketi ya katikati hubeba zaidi ya nusu, kama kilo 28 kati ya 45, na za pembeni hubaki na kilo 8 na kitu kila moja. Sogeza zile za pembeni ndani, sentimita 18 kutoka kila ncha, ubakishe sentimita 42 baina ya breketi na breketi. Hapo mgao unakaribia kuwa sawa. Ila zote zikae kwenye mstari mmoja wa pimamaji, maana breketi iliyo chini kwa milimita mbili haibebi kitu.

Sasa kutoboa. Swichi ya nyundo kwenye drili iwe imezimwa tangu mwanzo. Mapigo hulipanua tundu na kumegua tofali kwa ndani usipopaona, na tundu la milimita 8 linakuwa la 10. Plasta ya saruji itoboe taratibu kwa biti ya ukuta bila nyundo. Inachukua muda kidogo lakini inakubali. Ukifika kwenye tofali, badilisha uweke biti ya chuma au ya mbao iliyo kali, mwendo mdogo, mkono umetulia. Ukiuyumbisha mkono, mdomo wa tundu unakuwa yai.

Kipimo cha biti ni kile kilichoandikwa kwenye pakiti ya fisha. Tuseme fisha ni ya namba 8, urefu milimita 50, na plasta ina unene wa milimita 15. Fisha yote inatakiwa ikae ndani ya tofali, kwa sababu plasta ni ngozi tu na haibebi rafu. Kina cha tundu basi ni 15 ya plasta, 50 ya fisha, na 10 ya nafasi ya vumbi, jumla milimita 75. Funga utepe kwenye biti kwa kipimo hicho. Ukuta wa tofali la sentimita 10 wenye plasta pande zote mbili una unene wa sentimita 13, hivyo hutatokea upande wa pili. Breketi ya chuma cha milimita 3 itataka skurubu ya milimita 75, na unene wake kwa fisha hiyo mara nyingi ni milimita 5.

Mdomo wa plasta upanue kidogo ili mapezi yapite bila kuipasua. Puliza vumbi kwa pampu ya mkono au mpira mwembamba, miwani ikiwa machoni. Usilisafishe kwa maji, kwani tofali hili likilowa nguvu yake hupungua. Fisha ya mapezi igonge kwa mapigo mafupi, ikifika usawa wa plasta isukume ndani kwa kipande cha nondo nyembamba. Ikiingia kwa kidole bila kugongwa, tundu ni kubwa, usiitumie.

Skurubu ifunge kwa bisibisi ya mkono. Mashine haikupi nafasi ya kusikia inapokaza. Breketi ikishakaa imebana ukutani, ongeza robo mzunguko na uache.

Kwa upepo wa chumvi wa kwetu, skurubu ya rangi ya dhahabu au fedha iliyopakwa zinki inaanza kutu mapema, na jikoni kuna mvuke juu yake. Kutu huvimba, na uvimbe huo unapasua plasta kuzunguka skurubu. Chukua stenlesi, daraja la A4 kama linapatikana. Nenda dukani na sumaku ndogo: stenlesi ya aina hii haivutwi, au inavutwa kidogo sana, wakati ile ya zinki inanasa papo hapo.

Kabla ya kupanga vyombo, ijaribu. Weka gunia la mchele la kilo 25 na lingine lenye kilo 20 juu ya ubao, uache mpaka kesho yake. Jaribu kuingiza karatasi baina ya ukuta na kichwa cha kila breketi. Ikiwa siku ya kwanza haikuingia na leo inaingia, skurubu ya juu imeanza kutoka. Dalili nyingine ni unga mweupe sakafuni chini ya breketi, au ufa mwembamba wa duara kwenye plasta.

Tundu lililoharibika lisijazwe vijiti vya meno wala fisha nene zaidi. Vyote vinaendelea kusaga. Saruji ya maji nayo haifai, kwa sababu tofali jepesi hunyonya maji haraka na saruji inakauka kabla ya kushika. Kama breketi inaruhusu, hamia sentimita 10 pembeni. Kama hairuhusu, tumia gundi ya sindano, yaani ile ya mirija miwili inayojichanganya mdomoni, na tundu ulichimbe liwe pana ndani kuliko mdomoni. Gundi ikiganda inakuwa kabari isiyoweza kutoka, na uzito haukai tena kwenye unga. Muda wa kuganda umeandikwa kwenye mrija. Usitundike kitu kabla haujatimia.

Kabati zito la vyombo au tangi la maji ya moto ni habari nyingine. Hapo, kama upande wa pili wa ukuta unafikika, pitisha boliti ya uzi ya milimita 8 ukuta mzima na uweke bamba la chuma lenye upana wa sentimita 5 au zaidi nyuma yake kabla ya nati. Bamba halipendezi, lakini linaweza kuzamishwa kwenye plasta na kupakwa rangi.