Andika kiwango cha kubadilishia fedha ndani ya chati yenyewe

Msomaji mmoja ameniandikia wiki hii. Ana mapato ya dola na ya pauni za Misri, anataka yote yakae kwenye chati moja, na anauliza kama anaweza kuchukua kiwango cha leo akabadilishia miaka yote. Swali lake limenigusa pale panapouma, maana kwa jambo hilihili niliwahi kuambiwa kikaoni kwamba najitia ujuaji.

Mwanzoni mwa 2023 nilikuwa naandaa taarifa za mauzo katika kampuni iliyouza kwa dola na kwa yeni. Tarakimu za mauzo nazibadilisha hapa, viwango ni vya kweli. Tuseme 2021 tuliuza dola milioni 1 na yeni milioni 110. Mwaka 2022 upande wa dola haukusogea, upande wa yeni ukafika milioni 121, ongezeko la asilimia 10. Lakini yeni yenyewe ilikuwa imeporomoka, kwa kuwa benki kuu ya Marekani ilipandisha riba mfululizo na ile ya Japani ikabaki palepale. Wastani wa 2021 ulikuwa karibu yeni 110 kwa dola. Wa 2022 ukawa karibu 131.

Piga hesabu kwa wastani wa kila mwaka. Yeni za 2021 zinakuwa dola milioni 1, jumla milioni 2. Za 2022 zinakuwa kama dola 924,000, jumla milioni 1.92. Nguzo ya pili imepungua. Sasa badilisha miaka yote miwili kwa yeni 110: jumla ya 2022 inakuwa dola milioni 2.1, na nguzo imepanda. Mauzo ni yaleyale!

Niliandika kiwango chini ya chati. Mkuu wangu akaufuta ule mstari, eti unachafua ukurasa. Chati ikaenda kikaoni bila maelezo, na wenzetu waliouza kwa yeni wakasemwa mbele ya watu kwamba wamezembea, wakati wao ndio pekee walioongeza mauzo. Nilisimama nikaeleza, nikajibiwa kwamba najitia ujuaji. Baadaye waliomba chati zote zitolewe kwa njia hizo mbili, kwa utaratibu niliokuwa nimeupendekeza. Nilifurahi, sifichi, ila hakuna aliyewaomba radhi wale wenzangu.

Kwa hiyo ndugu yangu, kabla hujagusa fomula, jiulize chati inajibu swali gani. Ukitaka kujua ni dola ngapi zilipatikana kweli, tumia wastani wa kila kipindi, kwa sababu mapato huingia kidogo kidogo mwaka mzima. Salio la benki ni jambo jingine: hilo ni la siku moja, basi litumie kiwango cha siku hiyo. Na ukitaka kujua kama biashara imekua, shika kiwango kimoja kwa miaka yote. Hata cha leo kinafaa, mradi ukigandishe na kukitaja. Nasema ukigandishe kwa sababu wengi huweka hii kwenye Google Sheets:

```
=GOOGLEFINANCE("CURRENCY:USDJPY")
```

Fomula hiyo hujisasisha. Ukifungua faili mwezi ujao, nguzo za miaka iliyopita zitakuwa zimebadilika urefu bila mtu kugusa kitu. Andika namba yenyewe kwenye seli yake, pembeni weka tarehe na chanzo, kisha fomula zote zisome seli hiyo.

Mstari wa chini ya chati uwe hivi: «Kiasi chote ni kwa dola za Marekani. Yeni zimebadilishwa kwa wastani wa mwaka: yeni 110 kwa dola 1 (2021), yeni 131 kwa dola 1 (2022).» Malizia kwa jina la chanzo. Taja pande zote mbili, yeni ngapi kwa dola ngapi, ili msomaji ajue kama uligawanya au ulizidisha. Na mstari uwe ndani ya picha ya chati. Ukiuweka kwenye barua pepe, mtu atanakili picha peke yake na kuibandika kwingine, na maelezo yatabaki nyuma. Usimruhusu mtu aufute kwa sababu ya urembo.

Kwa pauni za Misri, msomaji wangu, uangalie sana mwaka 2024. Tarehe 6 Machi pauni iliachiwa bei yake ipangwe na soko, ikatoka karibu 31 kwa dola hadi karibu 50 ndani ya siku moja. Wastani wa mwaka mzima utapunguza thamani ya mapato yako ya Januari na Februari, na utaikuza ile ya miezi iliyofuata. Badilisha mwezi kwa mwezi, Machi uigawe kabla na baada ya tarehe 6, ndipo ujumlishe. Kisha kwenye chati chora mstari wa wima hapo Machi, uandike pembeni yake viwango vyote viwili.