Fito Kwanza, Saa Baadaye: Ushauri wa Raundi ya Kuamua

Nafundisha vijana kuruka viunzi kwa farasi hapa Nairobi, na swali lao ni lile lile kila mashindano: tukiingia raundi ya kuamua mshindi kati ya waliolingana, tukimbize au twende taratibu? Huwa nawaonyesha fainali ya mtu mmoja mmoja ya Olimpiki ya Paris, iliyofanyika Versailles, Agosti 2024.

Ufito mmoja wa kiunzi ukianguka, unapata pointi 4 za adhabu. Farasi akigoma mbele ya kiunzi ni 4 pia, na katika mashindano ya kimataifa akigoma mara ya pili unatolewa. Kugusa ufito si kosa, mradi ubaki mahali pake. Ukipitisha muda uliopangwa, hata kwa sehemu ya sekunde, unaandikiwa pointi 1. Nimeona kijana akimaliza bila ufito kuanguka, halafu pointi hiyo moja ikamnyima raundi ya kuamua. Inauma sana.

Versailles, watatu tu walimaliza na sifuri: Christian Kukuk wa Ujerumani, Steve Guerdat wa Uswisi na Maikel van der Vleuten wa Uholanzi. Wakarudi kwenye njia fupi zaidi, saa ikihesabu. Kukuk, juu ya farasi Checker, alitangulia na kumaliza safi kwa sekunde 38.34. Guerdat alitumia 38.38 na Van der Vleuten 39.12, lakini kila mmoja aliangusha ufito. Hata kama Guerdat angewahi sekunde mbili nzima, dhahabu ingebaki kwa Kukuk, kwa sababu makosa huhesabiwa kwanza. Saa iliwatenganisha wale wawili waliolingana kwa pointi 4: Guerdat fedha, mwenzake shaba.

Kwa hiyo sekunde zitafute kwenye kona, si kwa kumchapua farasi kuelekea kiunzi. Farasi anayekimbizwa hunyooka mgongo, anaruka chini chini, na miguu ya nyuma ndiyo inayogonga ufito. Ukisikia ufito ukigongwa nyuma yako kiunzi baada ya kiunzi, mpunguzie farasi mwendo kabla ya kona inayofuata. Hatua moja ya farasi huchukua kama nusu sekunde; kona iliyobanwa ikikupunguzia hatua mbili, umeokoa sekunde nzima bila kuongeza mwendo.

Zoezi tunalolitumia ni fito mbili chini, umbali wa kama mita 20. Pita kwa hatua 5, kisha 6, kisha rudi 5, mpaka farasi abadilishe hatua bila kuvutana na hatamu.

Na kabla hujaingia, uliza waliotangulia wamepata nini. Kama yupo aliyemaliza safi, huna budi kubana kona. Kama wote wameangusha, panua kona na umpe farasi nafasi ya kukiona kiunzi: hata ukichelewa kidogo, pointi 1 ya muda bado inaishinda 4 ya ufito.