Ploti 16 kwenye mteremko wa Muheza: bloku za nasibu au nasibu kamili?

"Wakuu, nimepiga picha maelezo ya jaribio tulilopewa kulichambua. Ni mahindi, shamba liko Muheza kwenye mteremko. Ploti 16, mistari minne ya ploti nne nne, mstari wa kwanza uko juu kabisa na wa nne uko chini karibu na kijito. Mstari wa 1 hauna mbolea, wa 2 samadi, wa 3 urea, wa 4 samadi na urea. Kwenye karatasi mistari imeitwa bloku. Je, huu ni mpangilio wa bloku za nasibu au wa nasibu kamili?"

Mkuu, nimeisoma picha yako hadi ule mchoro wa pembeni. Huo si mpangilio wa bloku za nasibu, wala si wa nasibu kamili. Neno bloku limeandikwa tu pale, kazi ya bloku haikufanyika.

Bloku ni kundi la ploti zinazofanana kwa udongo na unyevu, na ndani ya kundi hilo kila aina ya mbolea inapata ploti yake, ikipangiwa kwa kura. Kwenye picha yako kila mstari una mbolea moja tu. Nasibu kamili nayo ni kupiga kura moja kwa ploti zote 16 bila kuzigawa makundi, lakini hapa kura haikupigwa popote, maana mbolea zimeshuka kwa mpangilio kutoka juu hadi kijitoni. Basi mbolea na mteremko vimefungwa pamoja, huwezi kugusa kimoja bila kingine. Hicho ndicho kivurugo kwenye swali lako.

Mimi nimefanya majaribio ya mahindi huku Muheza kwa misimu kadhaa, na mashamba ya chini ya Usambara Mashariki yana tabia moja: mvua za masika zinakokota udongo laini na mboji kuvipeleka chini, na unyevu nao unakaa chini. Ukipita shambani mahindi yakiwa yamefika magotini, utaona mistari ya juu ina majani ya njano njano na ya chini yamekoza kijani, hata kama hakuna aliyeweka mbolea yoyote.

Tuchukue tarakimu za mfano ili uone ukubwa wa tatizo. Tuseme kila ploti ina mita 5 kwa 8, na mavuno ni kilo za punje kavu. Shamba hilohilo, lakini safari hii kila mstari umepewa mbolea zote nne kwa kura. A ni bila mbolea, B samadi, C urea, D samadi na urea.

| Bloku | A | B | C | D | Wastani |
|---|---|---|---|---|---|
| 1 (juu) | 9 | 11 | 9 | 11 | 10 |
| 2 | 9 | 12 | 14 | 13 | 12 |
| 3 | 14 | 13 | 16 | 17 | 15 |
| 4 (chini) | 16 | 18 | 19 | 23 | 19 |
| Wastani | 12 | 13.5 | 14.5 | 16 | 14 |

Tazama safu ya A peke yake. Hakuna mbolea pale, lakini mavuno yamepanda kutoka kilo 9 juu hadi 16 chini. Huo ni mteremko unazungumza. Tofauti kati ya D na A, ukichukua wastani wa bloku zote, ni kilo 4.

Sasa rudi kwenye mpangilio wa picha yako: A yote juu, D yote chini. Juu ni pungufu ya wastani wa shamba kwa kilo 4, na A nayo ni pungufu kwa 2, kwa hiyo mstari wa 1 utatoa kama kilo 8 kwa ploti. Chini kumezidi kwa 5 na D imezidi kwa 2, mstari wa 4 utatoa kama 21. Utaona tofauti ya kilo 13 na utaandika kwamba mbolea imefanya kazi hiyo, wakati 9 kati ya hizo ni za kijito na udongo. Kibaya zaidi, ploti za mstari mmoja zinafanana, hivyo salio, yaani tofauti ya mavuno inayobaki bila maelezo, litakuwa dogo, na F, yaani uwiano wa athari ya mbolea kwa salio, itakuwa kubwa mno. Jibu potofu litakuja na uhakika mkubwa kuliko jibu sahihi.

Kompyuta haiwezi kukuokoa hapo. Ukiandika kwenye R

```
summary(aov(mavuno ~ bloku + mbolea))
```

kwa data ya mpangilio wa picha, bloku na mbolea zote zikiwa faktari, mstari wa mbolea hautatokea kabisa kwenye jedwali. Utaona bloku na salio tu. Ukiona hivyo, usihangaike kutafuta kosa la uandishi. R inakwambia vitu hivyo viwili ni kitu kimoja.

Kwa jedwali langu la mfano, amri hiyohiyo inatoa jumla ya miraba 184 kwa bloku, 34 kwa mbolea na 20 kwa salio. Salio lina digrii za uhuru 9, kwa hiyo F ya mbolea ni 11.33 kugawa kwa 2.22, yaani 5.1. Kizingiti cha asilimia 5 ni 3.86, tumevuka. Ukiondoa bloku kwenye amri, ile 184 ya mteremko inaangukia kwenye salio: linakuwa 204 kwa digrii 12, na F inashuka hadi 0.67 wakati kizingiti ni 3.49. Mbolea ileile sasa inaonekana haina maana. (Nimeiondoa ili uone tu, ukishapanga kwa bloku, unachambua kwa bloku.)

Hapo ndipo tofauti ya mipangilio hii miwili ilipo. Nasibu kamili kwenye mteremko si uongo, maana kura ya ploti zote 16 haipendelei mbolea yoyote. Inachofanya ni kuacha mteremko uingie kwenye salio na kufunika athari unayoitafuta. Bloku zinakugharimu digrii 3 za uhuru, na kwa shamba lenye mteremko gharama hiyo ni ndogo sana. Nasibu kamili naitumia kwenye makopo ndani ya kitalunyumba, au kwenye kipande tambarare ambacho msimu uliopita kilikuwa na zao moja lililosimama sawa kote.

Mkipanga upya, bloku zilale kukatiza mteremko, kila moja kwenye usawa mmoja, na ploti ndani yake ziwe nyembamba zikielekea juu na chini. Kura ipigwe upya kwa kila bloku. Ukinakili mpangilio wa mstari wa kwanza, mbolea zitapangana kwa safu wima na utajikuta umezifunga na upande wa shamba. Na kama kuna kivurugo cha pili kinachokwenda upande mwingine, mfano kivuli cha miembe mashariki, bloku peke yake hazitoshi. Kwa mbolea nne na ploti 16 hapo unahitaji mraba wa Kilatini, ambapo kila mbolea inatokea mara moja kwenye kila mstari na mara moja kwenye kila safu wima.

Kama mahindi ya picha yameshavunwa, ripoti mavuno ya kila mstari na useme wazi kwamba mbolea na mahali havitenganishiki. Msirudie kwenye ploti zilezile msimu ujao kwa kubadilisha kura tu, kwa sababu samadi ya mstari wa 2 na wa 4 bado itakuwa inaoza kwenye udongo na itaingia kwenye hesabu mpya. Tafuteni kipande cha jirani ambacho hakikuwekwa kitu.