Taimshiti imechelewa, mume ndiye mwenye kosa?

*Shangazi, shikamoo. Nafanya kazi kwenye miradi miwili ya shirika moja hapa Dar. Taimshiti ya wiki tunatakiwa kuituma Ijumaa kabla ya saa kumi jioni. Wiki iliyopita nikaisahau, kwa sababu mume wangu alinipitia saa tisa na nusu twende sendoff ya dada yake Kibaha, na anajua sipendi kuharakishwa. Nilikumbuka usiku wakati natuma picha kwenye grupu. Leo Jumanne bosi ameniandikia neno moja: "Taimshiti?" Nataka kumwambia mtandao ulisumbua, ila mume wangu anasema niseme ukweli. Yeye ofisi yetu haijui. Nijibuje?*
*Mama Wawili, Tabata*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa presha, na pole imeishia hapo.

Fomu inayojazwa kila jioni, ikifika Ijumaa inabaki kusainiwa tu. Ni kazi ya dakika mbili, na mumeo angekusubiri hapo getini. Ulikumbuka Ijumaa usiku hukutuma, Jumatatu ikapita hukutuma, leo unapata muda wa kuniandikia mimi. Wewe hukusahau kutuma. Hukuwa na cha kutuma.

Na huo mtandao uliosumbua ndio uliopitisha picha za sendoff? Njia ya mwongo ni fupi, na yako inaishia kwenye simu ya mtu yeyote wa ofisini aliye kwenye grupu hilo.

Shemeji yangu asiye na jina namtetea. Ndoa za siku hizi mwenza amegeuzwa kisingizio cha ofisini: mke akichelewa ni mume, mume akikosa kikao ni mke, na mtoto wa watu anaumwa homa kila mwisho wa mwezi bila yeye mwenyewe kujua. Halafu jioni mnataka heshima mezani. Mumeo alikuja kukuchukua kwenda kwa dada yake, tena amekushauri vizuri. Kwamba ofisi yenu haijui si kasoro, maana naona yeye anamwelewa bosi wako kuliko unavyomwelewa wewe.

Bosi hataki kujua ulikuwa wapi. Mhasibu anagawa mshahara wako kwenye miradi miwili kwa kufuata saa ulizoandika, na mkaguzi akija anataka karatasi yenye saini mbili, yako na ya msimamizi. Isipokuwepo, anayebanwa ni bosi wako. Anachohitaji ni kumwambia mhasibu itafika saa ngapi. Basi mwandikie hivi:

"Shikamoo bosi. Samahani, taimshiti ya wiki iliyopita sijaituma kwa sababu sikuijaza siku kwa siku, na Ijumaa niliondoka saa tisa na nusu bila kuikamilisha. Naijaza leo. Safari ya Alhamisi nahitaji kuihakiki kwenye kitabu cha gari, nitakipata kesho asubuhi. Utaipata kesho Jumatano saa nne, ikiwa na saini yangu. Naomba umjulishe mhasibu."

Hiyo Alhamisi nimeibuni, weka siku yako yenye utata. Lakini usiandike "muda si mrefu", wala usiahidi leo jioni halafu ukwame kwenye foleni ya Ubungo. Chagua saa ambayo hata mambo yakienda ovyo utaiwahi. Ahadi ya pili ikivunjika, sababu ya kwanza nayo haitaaminika.

Sasa kujaza. Najua ulichopanga: kunakili ya wiki ya nyuma na kubadilisha tarehe. Wiki iliyopita Jumanne ilikuwa Sabasaba! Wenzako walikuwa viwanja vya maonyesho Barabara ya Kilwa, fomu yako inaonyesha umepiga kazi saa nane kwenye mradi wa kwanza. Hapo ndipo waliokopi wanaponaswa. Saa za siku hiyo zinakwenda kwenye mstari wa sikukuu, siyo kwenye mradi.

Kwa siku nyingine fungua barua pepe ulizotuma, kalenda ya vikao, kitabu cha mahudhurio cha mapokezi. Barua pepe ya saa tatu asubuhi ya mradi wa kwanza na kikao cha mchana cha mradi wa pili vinakuonyesha siku ilivyogawanyika. Usigawe nusu kwa nusu kila siku kwa sababu bajeti inasema hivyo. Bajeti ilikuwa mpango, taimshiti ni kilichotokea. Pale usipopata ushahidi wowote, muulize uliyekuwa naye kazini siku hiyo, kisha mwonyeshe bosi sehemu hiyo kabla hajasaini.

Bado ile Ijumaa. Kama kazi kwenu inaisha saa kumi na nusu, uliondoka na saa nzima mkononi, na barua uliyoniandikia haisemi uliomba ruhusa. Usiijaze kama ulikuwa mezani. Iache wazi na umuulize bosi aikate kwenye likizo au uifidie siku nyingine. Muulize kesho hiyohiyo saa nne, ukiwa umeshika fomu.