Tafsiri rejeshi ya fomu ya ridhaa ikilingana mno na ya awali

Swali: Naratibu utafiti wa dawa ya malaria kwa watoto mkoani Tanga. Fomu ya ridhaa iliandikwa kwa Kiingereza, tukaitafsiri kwa Kiswahili, kisha mwenzetu mmoja wa ofisini akairudisha kwenye Kiingereza bila kuitazama ya awali. Karibu kila sentensi inalingana. Je, tunaweza kuipeleka kwenye kamati ya maadili hivyo ilivyo?

Jibu: Ningesubiri kidogo. Kulingana kote huko kunaweza kuwa na sababu mbili ambazo hazihusiani kabisa na ubora wa Kiswahili chenu.

Ya kwanza ni huyo mwenzenu. Hata kama hakuifungua fomu ya Kiingereza, utafiti anaujua. Tuseme Kiswahili kimeandikwa hivi: "Mtoto wako atachaguliwa kwa bahati kuingia katika kundi moja kati ya mawili." Yeye anajua kwamba ugawaji unafanywa na kompyuta, kwa hiyo bila hata kufikiri anaandika ule msamiati wa Kiingereza wa kitaalamu, na sentensi inarudi safi. Mgeni asiyejua lolote angeandika kwamba mtoto atakuwa na bahati ya kuchaguliwa. Hivyo ndivyo mama wa Muheza atakavyoisikia pia: mwanangu amebahatika, amepata dawa nzuri. Kosa lipo, ila mrejeshaji amelitibu njiani.

Hadithi ni hiyohiyo kwa vidonge visivyo na dawa. Wafasiri wengi huandika "dawa bandia". Mtu wa utafiti atalirudisha neno sahihi la Kiingereza, lakini kwa msomaji wa kawaida dawa bandia ni ile feki inayokamatwa madukani. Hakuna mzazi atakayekubali mwanawe apewe hiyo, na akikubali basi hakuelewa.

Sababu ya pili ni mbaya zaidi kwa sababu hata mrejeshaji mzuri haioni. Kiswahili kilichoandikwa kwa kufuata Kiingereza neno kwa neno hurudi vizuri kuliko Kiswahili fasaha. Nimekutana na fomu zinazosema "mkono wa utafiti", kwa kuwa Kiingereza hutumia neno moja kwa mkono wa mtu na kwa kundi la washiriki. Likirudishwa, linalingana herufi kwa herufi. Au "unaweza kujitoa bila kupoteza faida yoyote": inarudi bila doa, huku mama akijiuliza ni faida ya biashara gani. Au mwambie aje kliniki "saa 8:00 asubuhi". Kwenye Kiingereza ni sahihi. Kwa Kiswahili saa hiyo ni saa 2 asubuhi, na yeye akishika hiyo nane atafika mchana.

Kwa hiyo rudieni zoezi, na safari hii mtafuteni mtu wa nje. Awe anakijua Kiswahili cha huko kwenu na anaandika Kiingereza vizuri, lakini asiwe mtafiti wala mfanyakazi wa mradi, na asiwe ameona itifaki, yaani mpango kamili wa utafiti ulioandikwa. Mpeni faili la Kiswahili tupu. Ondoeni jina la Kiingereza la utafiti kwenye kichwa cha ukurasa na maoni yaliyobaki pembeni, maana mara nyingi humo ndimo majibu yanamovujia. Maelekezo yawe ya maandishi na mafupi: tafsiri kilichoandikwa, usirekebishe, sentensi ikiwa na maana mbili, andika zote mbili, pale unaposoma mara ya pili ndipo uelewe, weka alama. Hizo alama nazithamini kuliko tafsiri yenyewe.

Akishamaliza, kaeni watatu: aliyetafsiri kwenda Kiswahili, daktari au muuguzi wa mradi, na mtu wa tatu ambaye hakutafsiri upande wowote. Tengenezeni jedwali: namba ya sentensi, Kiingereza cha awali, Kiswahili, Kiingereza kilichorejeshwa, kisha uamuzi na sababu yake. Kila tofauti iulizwe swali moja: mzazi akiielewa kama ilivyorejeshwa, uamuzi wake utabadilika? Tofauti nyingi hazina uzito. Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke kwenye "yeye", kwa hiyo mtoto aliyeanza kama wa kike anaweza kurudi wa kiume. Andikeni "haina athari" msonge mbele. Nyingine ni kosa la mrejeshaji mwenyewe, na hilo nalo liandikwe. Mkibaini kwamba Kiingereza cha awali ndicho chenye utata, mrudishieni mtafiti mkuu, msikiokoe kimyakimya kwenye Kiswahili.

Kosa likiwa la Kiswahili, rekebisheni Kiswahili. Nalisema hili kwa sababu kuna mchezo wa kuibadilisha tafsiri rejeshi ili ilingane, halafu jedwali linapelekwa likiwa halina dosari. Kamati yenye uzoefu ikiona jedwali lisilo na tofauti hata moja, hushuku.

Kwa mifano ya hapo juu, ningeandika hivi:

"Kompyuta ndiyo itakayopanga mtoto wako aingie kundi gani, kama kurusha sarafu. Si wewe wala daktari atakayechagua."

"Watoto wa kundi la pili watapewa kidonge kinachofanana na dawa ya utafiti, lakini ndani yake hakuna dawa."

"Ukimtoa mtoto kwenye utafiti, ataendelea kutibiwa hapa kliniki kama kawaida."

Sentensi zilizobadilishwa zirejeshwe upya, hizo tu, na mtu ambaye bado hajaona Kiingereza cha awali. Msitarajie zifanane na za awali kwa maneno, kwani sasa ni ndefu na zimenyooka. Linganisheni maana. Namba zipitiwe peke yake: kiasi cha damu, idadi ya mahudhurio, saa, nauli, simu. Mrejeshaji hunakili tarakimu kama zilivyo, hivyo kosa la kuchapa mililita 5 kuwa 50 kwenye Kiswahili atalinakili vilevile. Ni ninyi mtakaolikamata kwa kulinganisha na itifaki.

Yale ya "mkono" na "faida" hayatakamatwa na jedwali lolote. Yanahitaji wazazi. Wanane hadi kumi wanaofanana na washiriki wenu wanatosha kwa fomu ya kurasa chache, ila iulizeni kamati kwanza kama zoezi hilo linahitaji kibali. Wasomeeni kwa sauti, kwa kuwa wapo watakaoweka dole gumba mbele ya shahidi asiyehusika na mradi na fomu wataijua kwa kuisikia tu. Msiulize "umeelewa?", jibu litakuwa ndiyo. Ulizeni: nani ataamua mtoto apate dawa ipi? Inawezekana akapata kidonge kisicho na dawa? Mkikataa leo, kesho akiugua homa mtampeleka wapi? Wazazi watatu wakikosea swali moja, tatizo ni sentensi. Iandikeni upya muijaribu kwa wengine.

Mnapowasilisha, fomu ya Kiingereza, ya Kiswahili na tafsiri rejeshi zibebe namba ya toleo na tarehe zinazooana kwenye kijachini, pamoja na jedwali na hati za watafsiri zilizosainiwa. Kwa kuwa ni dawa, mbali na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, faili litapitia pia TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Sentensi moja ikibadilika baada ya kibali, hata ya nauli, toleo linapanda namba na Kiswahili kipya hakitumiki hadi kiidhinishwe.